Kuwaambia Wadau kwa Kifaransa Kwamba Mradi Umechelewa

Tarehe 16 Desemba 2022 shirika la umeme la Ufaransa, EDF, lilitoa taarifa fupi kuhusu kinu chake cha nyuklia cha Flamanville, kwenye pwani ya Normandi. Ujenzi wa kinu hicho ulianza Desemba 2007, na kilitarajiwa kuanza kazi mwaka 2012. Miaka 10 ilikuwa imepita tangu tarehe hiyo. Taarifa ilisema kwamba kazi ya kuweka fueli, iliyopangwa kwa robo ya pili ya 2023, imesogezwa hadi robo ya kwanza ya 2024. Gharama nayo ilipanda kutoka euro bilioni 12.7 hadi bilioni 13.2. Sababu ilitajwa waziwazi: maungio kadhaa ya mabomba yaliyolehemiwa yalipaswa kupashwa joto ili kuondoa mkazo uliobaki ndani ya chuma, na njia ya kuifanya kazi hiyo ilibidi ipangwe upya kwa sababu baadhi ya maungio yako karibu na vifaa visivyostahimili joto hilo.

Mtu anaweza kulilaumu shirika hilo kwa mengi, lakini taarifa ilikuwa na mambo manne ambayo kila mdau huyatafuta: tukio gani limesogea, limesogea kutoka lini hadi lini, kwa sababu gani, na kwa gharama gani. Haikusema tu kwamba kinu kitachelewa. Ilitaja kuwekwa kwa fueli, tukio ambalo mtu yeyote angeweza kuuliza kama limefanyika au halijafanyika. Kwa hiyo tarehe 8 Mei 2024, fueli ilipoanza kuwekwa, kila aliyeisoma taarifa ile aliweza kujua kwamba hata ratiba mpya ilikuwa imepitwa kwa wiki kadhaa.

Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili, barua ya aina hii si habari ya Ulaya. Kuanzia Lubumbashi hadi Kalemie, Bukavu na Goma, watu hushinda kutwa wakizungumza Kiswahili kwenye eneo la ujenzi, bandarini na ghalani, kisha jioni wanakaa mezani kuandika barua kwa Kifaransa, kwa sababu ndiyo lugha rasmi ya ofisi nchini Kongo. Burundi pia hutumia Kifaransa ofisini kwa upana. Wakandarasi na wasafirishaji wa Tanzania na Kenya wanaopata kazi katika nchi hizo hukutana na sharti hilohilo, na wengi wao wamezoea kuandikia ofisi kwa Kiingereza. Hapo ndipo mitego inapoanza.

Mfano wa Kalemie uliotungwa kwa ajili ya makala haya unaonyesha namna kazi inavyokwenda. Mkandarasi anajenga mradi mdogo wa maji mjini humo, kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Pampu mbili zinatoka ng'ambo, zinapita bandari ya Dar es Salaam, zinapanda treni hadi Kigoma, kisha zinavushwa ziwa kwa meli. Zilipaswa kufika Kalemie tarehe 10 Juni. Tarehe 20 Mei wakala wa mizigo anampigia simu mkandarasi kumwambia kwamba meli iliyozibeba imechelewa, na pampu zitafika Kalemie tarehe 8 Julai. Wiki nne zimepotea, na pampu bado ziko baharini.

Swali la kwanza ni lini barua iandikwe. Wengi husubiri, wakitumaini kwamba mambo yatarekebika njiani. Mikataba haisubiri. Miradi mingi inayogharamiwa na wafadhili wa kimataifa hutumia masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri lililoanzishwa mwaka 1913, ambalo hata kifupi chake kinatokana na jina la Kifaransa. Katika kitabu chake chekundu cha mwaka 1999, kifungu cha 20.1 kinamtaka mkandarasi anayedai nyongeza ya muda atoe taarifa ndani ya siku 28 tangu alipofahamu, au alipopaswa kufahamu, tukio lililomchelewesha. Siku zikipita bila taarifa, anapoteza haki ya kuongezewa muda. Toleo la 2017 nalo limebaki na siku hizohizo 28.

Mkandarasi wa Kalemie akihesabu kuanzia simu ya tarehe 20 Mei, mwisho wake ni tarehe 17 Juni. Akisubiri hadi 10 Juni, siku ambayo pampu zilipaswa kuwasili, atabakiwa na wiki moja tu. Akisubiri azione kwa macho tarehe 8 Julai, mlango utakuwa umefungwa wiki tatu kabla. Ndiyo maana barua yake ina tarehe 25 Mei, na ndiyo maana haitumwi kwa simu ya mkononi peke yake. Anaipeleka ofisini kwa mkono ikiwa na nakala ya ziada, karani anaigonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, unaoitwa « accusé de réception », kisha mkandarasi anarudi na nakala hiyo na kuihifadhi kwenye faili.

Kabla ya kugusa kalamu, hata hivyo, anarudi kwenye ratiba. Kuchelewa kwa kifaa kimoja kwa wiki nne hakuna maana kwamba mradi wote utachelewa wiki nne. Inategemea kazi zipi zinakisubiri kifaa hicho. Kuchimba mitaro na kulaza mabomba hakuhitaji pampu, kwa hiyo kunaendelea. Kufunga pampu kulipangiwa wiki tatu, lakini wiki moja kati ya hizo ilikuwa ya kumwaga zege la misingi ya kuzikalisha na kuvuta nyaya za umeme. Kazi hiyo inaweza kufanywa sasa, wakati pampu ziko njiani, na ufungaji ukabaki na wiki mbili. Majaribio ya mfumo yanachukua wiki mbili, na hapo hakuna cha kupunguza: mabomba lazima yasafishwe kwa klorini, na sampuli za maji zipelekwe maabara na majibu yasubiriwe. Wiki nne za pampu, ukitoa wiki moja iliyookolewa, zinaacha wiki tatu.

Hesabu hiyo ndiyo moyo wa barua. Kwenye karatasi inakaa katika jedwali dogo lenye safu nne: hatua, tarehe ya awali, tarehe mpya, na tofauti.

| Étape | Date initiale | Date révisée | Écart |
|---|---|---|---|
| Arrivée des pompes à Kalemie | 10 juin | 8 juillet | 28 jours |
| Fin de l'installation | 1er juillet | 22 juillet | 21 jours |
| Fin des essais | 15 juillet | 5 août | 21 jours |
| Réception provisoire | 17 juillet | 7 août | 21 jours |

Mstari wa mwisho ni makabidhiano ya awali, siku ambayo mwenye mradi anapokea kazi na muda wa uangalizi unaanza kuhesabiwa. Safu inayofutwa mara nyingi ni ile ya tarehe ya awali, kwa sababu inauma. Lakini msomaji asipoiona, anakwenda kuitafuta kwenye mkataba, na barua inaanza kutiliwa shaka. Safu ya tofauti nayo inaeleza jambo bila maneno mengi: namba inashuka kutoka 28 hadi 21, na mfadhili anaona palepale kwamba mkandarasi ameshafanya kitu.

Sasa inakuja lugha. Barua rasmi ya Kifaransa ina umbo lake, na wasomaji wake hulitarajia. Juu kuna namba ya kumbukumbu na mstari wa mada, ambao barua nyingi huuanza kwa « Objet », na nyingine, kwa desturi iliyobaki tangu wakati wa Wabelgiji, kwa « Concerne ». Katika barua za ofisi za Kongo, orodha ya wanaopelekewa nakala huwekwa juu ya ukurasa, chini ya maneno « Transmis copie pour information à ». Orodha hiyo si mapambo. Mwenye mradi anapoona kwamba mhandisi msimamizi na mfadhili wamepata barua ileile, anajua kwamba hakuna anayeambiwa jambo tofauti kando.

Mtego wa kwanza kwa aliyezoea Kiingereza umo kwenye mstari huohuo wa mada. Neno « délai » linafanana na neno la Kiingereza la kuchelewa, lakini kwa Kifaransa ni muda uliopangwa wa kufanya jambo. « Délai d'exécution » ni muda wa utekelezaji uliomo kwenye mkataba. Kuchelewa ni « retard ». Mkandarasi akiandika kwamba anatangaza « un délai de trois semaines », msomaji anaweza kuelewa kwamba kazi yote itachukua wiki tatu, au kwamba anaomba kupewa wiki tatu. Mada iliyo salama inasema hivi: « Retard dans la livraison des pompes et calendrier révisé des travaux ». Mtu mwenye barua 40 mezani anaisoma na kujua ndani yake kuna nini.

Aya ya kwanza hutoa habari yenyewe bila kuzunguka. Adabu ya Kiswahili inamtaka mtu abishe hodi, aamkie na kuulizia hali ya nyumbani kabla ya kutoa neno zito, na wengi huhamishia desturi hiyo kwenye barua kwa kuandika aya nzima ya shukrani kwa ushirikiano mzuri. Katika barua ya Kifaransa heshima ina mahali pake mwisho, na habari inakaa mwanzo: « Nous avons le regret de vous informer que la réception provisoire, prévue le 17 juillet, est reportée au 7 août. » Yaani, tunasikitika kuwaarifu kwamba makabidhiano ya awali yaliyopangwa tarehe 17 Julai yameahirishwa hadi 7 Agosti. Tarehe zote mbili zimo katika sentensi moja.

Kinachofuata ndicho kinachotofautisha barua ya mtu anayeijua lugha hii na ya mtu anayeibahatisha: kiwango cha uhakika. Kifaransa hukibeba ndani ya kitenzi. Mkandarasi akiandika « les pompes arriveront le 8 juillet », ametoa ahadi, na ahadi hiyo itanukuliwa siku meli itakapokwama Kigoma. Akiandika « les pompes devraient arriver le 8 juillet », amesema kwamba zinatarajiwa kufika, na msomaji anaelewa kwamba bado kuna wasiwasi kidogo. Akiandika « les pompes seraient arrivées », amesema kwamba inasemekana zimefika ila yeye hajathibitisha. Magazeti ya Kifaransa hutumia umbo hilo kwa habari zisizothibitishwa, na barua ya mkandarasi ikilitumia kwa mizigo yake mwenyewe inaonekana kana kwamba hajui kinachoendelea kwake.

Kanuni ya kazi ni nyepesi. Yale yaliyo mikononi mwa mkandarasi, kama misingi ya zege na nyaya, yapewe wakati ujao wa hakika: « les socles seront achevés le 12 juin », misingi itakamilika tarehe 12 Juni. Yale yanayotegemea wengine yapewe « devraient », na sharti lake litajwe kwa « sous réserve de ». Mfano: « sous réserve de l'arrivée du bateau à Kalemie au plus tard le 8 juillet », kwa sharti kwamba meli ifike Kalemie kabla ya 8 Julai au siku hiyohiyo. Barua ambayo kila kitenzi chake ni « devrait » haimsaidii mtu yeyote kupanga. Ile ambayo kila kitenzi chake ni ahadi inamfunga mwandishi kwa bahari, reli na ziwa, mambo ambayo hayamo katika uwezo wake.

Siku nazo zina hesabu yake. « Jours calendaires » ni siku zote za kalenda. « Jours ouvrables » kwa kawaida ni siku sita za wiki, Jumatatu hadi Jumamosi. « Jours ouvrés » ni zile siku tano ambazo ofisi iko wazi. Kwa hiyo wiki mbili zinaweza kuitwa siku 14, siku 12 au siku 10, kulingana na neno lililotumika. Zaidi ya hapo, Wafaransa husema « quinze jours », siku 15, wakiwa na maana ya wiki mbili, na « huit jours », siku nane, wakiwa na maana ya wiki moja. Mfadhili akiomba majibu « sous quinzaine », anayataka ndani ya wiki mbili. Njia ya kuepuka ubishi ni kuandika tarehe yenyewe badala ya idadi ya siku.

Kuhusu sababu, sentensi mbili zinatosha, na kila dai liwe na karatasi nyuma yake: hapa ni barua ya wakala wa mizigo, iliyoambatishwa. Neno la kuwa nalo makini ni « force majeure ». Lina uzito mkubwa na huwashawishi wengi, lakini katika mapokeo ya sheria ya Kifaransa limebanwa na vigezo vitatu: tukio litoke nje ya uwezo wa mhusika, lisiwe limetabirika wakati wa kusaini mkataba, na lisiwe limezuilika. Meli ya mizigo kuchelewa ni jambo ambalo msafirishaji yeyote hulitarajia, kwa hiyo dai hilo halitafika mbali, na mwanasheria wa mfadhili akiliona huanza kuisoma barua yote kwa jicho lingine. Ni afadhali kusema tu « en raison du retard du navire », kwa sababu ya kuchelewa kwa meli.

Hatua za kupunguza athari ndizo sehemu ambayo wadau huisoma mara mbili. Maneno kama « toutes les mesures nécessaires seront prises », hatua zote muhimu zitachukuliwa, yamezoeleka mno na hayana kitu ndani. Hatua inayoaminika ina vitu vinne: kazi yenyewe, mhusika, tarehe na anayelipa. Mkandarasi wa Kalemie ana hatua tatu. Ya kwanza, misingi na nyaya vinamalizwa tarehe 12 Juni na mafundi walioko tayari. Ya pili, timu ya pili ya mafundi wa pampu inaingia tarehe 8 Julai ili ule muda wa wiki mbili usiwe wa kubahatisha, na mishahara yao inabebwa na mkandarasi. Ya tatu, kituo cha afya cha mtaa, kilichokuwa kimeahidiwa maji kuanzia 17 Julai, kitaletewa maji kwa lori la tangi hadi tarehe 7 Agosti.

Hatua hiyo ya tatu haiharakishi kitu chochote kwenye ratiba, lakini inawagusa watu ambao ucheleweshaji ungewaumiza kuliko wote. Wiki tatu kwa mfadhili ni mstari kwenye ripoti. Kwa mkunga wa kituo hicho, ni ndoo za kuchotwa mbali kila asubuhi. Mkandarasi anayeandika barua bila kujua nani atakosa nini katika wiki hizo tatu hajamaliza maandalizi.

Chini ya hatua hizo huja maneno mafupi ambayo mwenye mradi huyatafuta kwanza: « sans incidence financière pour le maître d'ouvrage ». Yanasema kwamba hakuna gharama itakayomwangukia mwenye mradi. Yakishaandikwa hayarudi nyuma, kwa hiyo yasiwekwe kama salamu. Kama mkandarasi anakusudia kudai malipo ya lori la tangi, aseme hapo hapo, na aeleze lini atawasilisha hesabu.

Pia barua ya kutangaza kuchelewa haiongezi muda wa mkataba yenyewe. Muda huongezwa kwa ombi tofauti, « demande de prolongation du délai d'exécution », na mwisho wake ni nyongeza ya mkataba iliyosainiwa na pande zote, inayoitwa « avenant ». Hadi isainiwe, tarehe ya zamani ndiyo yenye nguvu na faini za kuchelewa zinaweza kuanza kuhesabiwa. Wakandarasi kadhaa hukosea hapa: wanapata jibu la upole lisemalo kwamba barua imepokelewa, wanalichukua kama ruhusa, kisha wanashangaa kupata « mise en demeure », onyo rasmi la kuwataka watimize mkataba.

Radhi inaombwa mara moja, karibu na mwisho: « Nous vous prions de bien vouloir nous excuser de ce contretemps. » Kisha huja fomula ya kufunga, na hapo cheo kilichotumika kwenye salamu lazima kirudiwe vilevile. Barua iliyoanza kwa « Monsieur le Directeur » inafungwa kwa « Veuillez agréer, Monsieur le Directeur, l'expression de nos salutations distinguées ». Kuanza kwa cheo kimoja na kumaliza kwa kingine ni kosa linaloonekana haraka, na mara nyingi huonyesha kwamba barua imenakiliwa kutoka kwa nyingine.

Barua ikishapokelewa, bado kuna wadau wasioisoma. Kamati ya maji ya mtaa itapata habari kwenye kikao, kwa Kiswahili. Anayeongea pale anapaswa kushika jedwali lilelile mkononi na kutaja tarehe zilezile, kwa sababu mwenyekiti wa kamati na mfadhili hukutana, na tofauti ya siku mbili tu kati ya walichoambiwa inatosha kuzua maneno. Hata saa ya kikao ina mtego wake: tangazo la Kifaransa lenye « 10 h » ni saa nne asubuhi, na aliyelisoma haraka akasikia saa kumi atafika jioni watu wameshaondoka.

Barua ya Kalemie inamalizika kwa ahadi moja: kila Ijumaa mkandarasi atatuma ukurasa mmoja wa hali ya kazi, « point d'avancement », kuanzia tarehe aliyoitaja. Ijumaa ya kwanza pampu zikiwa bado baharini, anaandika hivyo hivyo. Meli ikipitisha tarehe 8 Julai, anatoa jedwali jipya lenye namba 2 juu yake, likiwa na safu moja zaidi, na tarehe ya awali ya 17 Julai inabaki mahali pake.